Alama Isiyostahili: Namna Mfanyakazi Anavyojiandaa na Kujibu Katika Kikao cha Tathmini

Alama ya utendaji kazi hujengwa kwa mambo manne: lengo lililokubaliwa mwanzoni mwa mwaka, kipimo cha kulipima lengo hilo, ushahidi wa kilichofanyika, na uamuzi wa msimamizi wa kuuweka ushahidi huo katika daraja fulani. Alama inapoonekana haistahili, kasoro huwa imo katika moja au mawili ya mambo hayo. Kazi ya kwanza ya mfanyakazi ni kujua kasoro iko wapi kabla hajaingia kikaoni. Anayeingia na neno moja tu, kwamba ameonewa, humpa msimamizi nafasi ya kujibu kwa neno moja pia, kwamba hajaonewa, na kikao huishia hapo. Anayeingia akisema kwamba lengo la kwanza lilipimwa kwa hesabu isiyolingana na ile iliyoandikwa kwenye makubaliano, anamlazimisha msimamizi kufungua makubaliano hayo na kusoma.

Kasoro ya lengo hutokea pale mtu anapopimwa kwa kazi ambayo hakupewa, au iliyobadilishwa katikati ya mwaka bila makubaliano mapya. Amehamishwa dawati mwezi Aprili, lakini fomu bado ina malengo ya dawati la zamani. Kasoro ya kipimo hutokea pale lengo linapokuwa halina namba wala tarehe. Lengo linalosema "kuboresha huduma kwa wateja" linamwachia msimamizi uhuru wa kuamua Desemba maana ya kuboresha, na mfanyakazi hujikuta akibishana kuhusu maana badala ya kazi. Kasoro ya ushahidi ndiyo nyepesi kuliko zote kurekebishwa: msimamizi hana taarifa, au anayo iliyo pungufu. Mara nyingi anakumbuka vizuri miezi miwili ya mwisho, na kosa la Novemba linafunika kazi safi ya tangu Januari.

Kasoro ya uamuzi ni ngumu zaidi, kwa sababu inamgusa msimamizi mwenyewe. Wapo wasimamizi wakali ambao kwao daraja la juu halitolewi kwa mtu yeyote, na wapo wanaompa kila mtu daraja la katikati ili kuepuka maneno. Mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, Scullen, Mount na Goff, walichapisha uchambuzi wa alama za mameneja zaidi ya 4,000. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya tofauti kati ya alama zilitokana na tabia ya mtoa alama, wala si utendaji wa anayepimwa. Matokeo hayo yanamsaidia mfanyakazi kuelewa hali yake, lakini si hoja ya kupeleka kikaoni. Msimamizi akiambiwa usoni kwamba anapendelea, atautumia muda wote uliobaki kujitetea yeye, na takwimu za mfanyakazi hazitafunguliwa. Kasoro ya uamuzi huelezwa vizuri zaidi kwa kupitia kipimo: daraja hili linadai kitu gani, na ni kitu gani kilichokosekana.

Ipo pia kasoro inayotoka juu ya msimamizi. Baadhi ya taasisi hupanga mapema ni asilimia ngapi ya wafanyakazi watapata daraja la juu na ngapi la chini. Utaratibu huo ulipata umaarufu katika kampuni ya General Electric chini ya Jack Welch: asilimia 20 juu, asilimia 70 katikati, asilimia 10 chini. Microsoft iliutumia kwa miaka mingi, kisha ikauacha mwaka 2013. Mahali unapotumika, msimamizi anaweza kukubaliana na kila hoja ya mfanyakazi na bado akasema nafasi za daraja la juu zimekwisha. Hapo hoja haina budi kupelekwa kwa mwenye mamlaka juu ya mgawanyo huo, na mfanyakazi anapaswa kuomba kwamba kukubali huko kwa msimamizi kuandikwe kwenye fomu.

Kujua ratiba kabla ya kujua alama

Wafanyakazi wengi hujiandaa kwa ajili ya kikao chenyewe, ilhali katika taasisi nyingi kubwa alama huwa zimekwisha jadiliwa kabla ya siku hiyo. Wakuu wa idara hukutana, kila mmoja huleta alama alizopendekeza, nao huzilinganisha ili idara moja isionekane ya malaika na nyingine ya wavivu. Baada ya mkutano huo, msimamizi hana tena uwezo wa kubadili alama peke yake. Kwa hiyo swali la kumwuliza ofisa rasilimali watu, wiki sita au nane kabla ya mwisho wa mwaka wa tathmini, ni hili: alama zinafungwa lini, na nani anaweza kuzibadili baada ya hapo? Jibu lake ndilo linaloamua ushahidi upelekwe lini. Ukurasa mmoja wa mafanikio uliotumwa kwa msimamizi kabla hajapendekeza alama una nguvu kuliko kurasa kumi zinazoletwa baadaye.

Utaratibu wa watumishi wa umma unaonyesha jinsi tofauti za mfumo zinavyobadilisha maandalizi. Tanzania ilianzisha mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS, mwaka 2004. Ulichukua nafasi ya utaratibu wa siri ambao mtumishi hakuona alichoandikiwa. Katika fomu ya OPRAS mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakafanya mapitio ya nusu mwaka, na mwishoni kila mmoja akaweka alama yake kabla ya kufikia alama ya makubaliano. Daraja la 1 lilikuwa la juu kabisa na la 5 la chini kabisa, kinyume cha kampuni nyingi binafsi ambako 5 ndiyo bora. Sasa kazi hiyo hufanyika ndani ya mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na utekelezaji wake mwaka mzima. Mtumishi anayesubiri mwisho wa mwaka ndipo aingize kazi za miezi yote, amejinyima mwenyewe ushahidi, kwa kuwa msimamizi hakupata nafasi ya kuithibitisha kazi wakati ikifanyika.

Kukusanya ushahidi

Ushahidi mzuri una tarehe, umetoka kwa mtu au mfumo mwingine usio mfanyakazi mwenyewe, na unahusu lengo mahususi. Barua pepe iliyopeleka taarifa kwa wakati inatosha. Huonyesha hadi saa. Ripoti ya mfumo wa mauzo au wa mikopo inatosha. Ujumbe wa mteja anayeshukuru unasaidia kidogo, nao una uzito zaidi ukitaja tatizo lililotatuliwa. Maelezo ya mfanyakazi kwamba alijituma usiku na mchana hayasaidii, hata yakiwa ya kweli, kwa sababu wafanyakazi wote huyasema na hakuna kipimo kinachouliza swali hilo.

Kila ushahidi uandikwe chini ya lengo unalolihusu, na kwa lengo lolote lisilo na ushahidi mfanyakazi akiri kwake mwenyewe kwamba hana. Zoezi hili la kujipa alama kabla ya kupewa ndilo linalotenganisha uonevu na masikitiko. Mara nyingine mtu anagundua kwamba alama iliyomkera ni sahihi kwa malengo matatu kati ya manne, na kilichobaki cha kupigania ni kimoja. Ugunduzi huo una faida, kwani unampa kitu cha kukubali mbele ya msimamizi, na anayekubali panapostahili husikilizwa zaidi anapokataa.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Kwa hofu ya kufungiwa mifumo, watu hujitumia orodha za wateja, taarifa za wagonjwa au vitabu vya mahesabu kwenye barua pepe binafsi. Kufanya hivyo kunaweza kugeuka kosa la kinidhamu lenye uzito kuliko alama inayolalamikiwa, na kunagusa pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Kinachotosha ni kuandika tarehe, namba ya kumbukumbu na mahali hati ilipo ndani ya ofisi, ili ikihitajika iitwe kutoka huko.

Mfano wa afisa mikopo

Hesabu za mfano huu ni za kubuni, ila zinafuata namna tathmini zinavyofanyika katika taasisi nyingi za fedha. Afisa mikopo ana malengo manne. Marejesho kwa wakati yana uzito wa asilimia 40, wateja wapya asilimia 30, taarifa za mwezi asilimia 25, na huduma kwa wateja asilimia 5. Daraja la 5 ndilo bora. Anayepata jumla ya 2.5 au zaidi anastahili nyongeza ya mshahara. Aliye chini ya hapo huwekwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji. Msimamizi amempa daraja la 2 kwa marejesho, 3 kwa wateja wapya, 2 kwa taarifa na 3 kwa huduma. Kila daraja likizidishwa kwa uzito wake, jumla ni 2.35.

Kinachomuuma zaidi afisa huyu ni ile 3 ya huduma, kwa sababu anajua wateja wanampenda na wengine humfuata yeye tu wakifika kaunta. Lakini lengo hilo lina uzito wa asilimia 5. Hata akipewa 4, jumla itapanda hadi 2.40 na atabaki chini ya mstari. Akitumia nusu saa ya kikao kulitetea, atakuwa ameshinda jambo lisilobadilisha kitu. Kuangalia uzito kwanza ni hatua ndogo inayosahauliwa, na inafaa ifanyike kwa kalamu na karatasi kabla hasira haijachagua cha kujadili.

Taarifa za mwezi ndizo rahisi. Sera inasema daraja la 3 ni la aliyewasilisha taarifa 10 au 11 kati ya 12 ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na daraja la 2 ni la aliyewasilisha 7 hadi 9. Msimamizi ameandika tu kwamba "taarifa zilikuwa zikichelewa." Afisa anafungua barua pepe alizotuma na kukuta 10 zilikwenda kwa wakati. Mbili zilizochelewa ni za Oktoba na Novemba, zilizotakiwa mwanzoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, majuma machache tu kabla ya tathmini kuandikwa. Hii ni kasoro ya ushahidi. Anaorodhesha tarehe 12 kwenye karatasi moja, zile mbili zikiwamo na zimewekewa alama. Kuzificha kungeharibu imani ya orodha nzima. Daraja likirekebishwa kuwa 3, jumla inafika 2.60.

Marejesho yanahitaji maelezo marefu kidogo. Lengo lilipimwa kwa kuhesabu mikopo isiyo na rejesho lililochelewa siku ya mwisho wa mwaka. Daraja la 3 linaanzia asilimia 94, na daraja la 2 linaanzia 90. Afisa alikuwa na mikopo 225, na 204 kati yake haikuwa na rejesho lililochelewa. Hiyo ni asilimia 90.7, na kwa hesabu hiyo msimamizi yuko sahihi. Ila malengo yaliposainiwa Januari, afisa alikuwa na mikopo 180. Mwezi Julai mwenzake aliacha kazi, naye akakabidhiwa mikopo 45 ya mwenzake, ambayo 22 kati yake ilikuwa tayari imechelewa siku ya makabidhiano. Katika mikopo yake ya awali, 173 kati ya 180 iko sawa, yaani asilimia 96.1, na hilo ni daraja la 3. Katika ile aliyorithi, isiyochelewa imepanda kutoka 23 hadi 31.

Hapa kasoro iko kwenye lengo, kwa kuwa wigo wa kazi ulipanuka bila makubaliano kubadilishwa. Msimamizi anaweza kujibu kwamba mkopo ukishakabidhiwa ni wako, na jibu hilo lina haki yake, kwa sababu taasisi haiwezi kuacha mikopo bila mwenyewe. Ombi la busara ni kwamba mafungu mawili yapimwe kando: la awali kwa kipimo kilichosainiwa, lililorithiwa kwa maendeleo tangu siku ya makabidhiano. Nguvu ya ombi hilo inategemea hati moja, fomu ya makabidhiano inayoonyesha ile mikopo 22 iliyochelewa. Kama haikuandikwa Julai, ripoti ya mfumo ya mwezi huo inaweza kuziba pengo. Kama nayo haipo, hoja inabaki kuwa maneno ya mtu mmoja, na afisa afahamu hivyo mapema ili asiweke matumaini yote hapo. Daraja la marejesho likirekebishwa pamoja na lile la taarifa, jumla inakuwa 3.0.

Ndani ya kikao

Dakika za mwanzo ni za kusikiliza. Msimamizi aachwe amalize, mfanyakazi akiandika sababu inayotolewa kwa kila alama, kwa maneno yaleyale yaliyosemwa. Kumkatisha kwenye lengo la kwanza humnyima mfanyakazi nafasi ya kusikia sababu ya lengo la tatu, ambayo huenda ndiyo dhaifu. Kisha linafuata swali, kabla ya utetezi wowote: "Meneja, nashukuru kwa maelezo. Naomba nielewe kwenye taarifa za mwezi, ni taarifa za miezi ipi zilizohesabiwa kuwa zimechelewa?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa hisia. Ama msimamizi anataja miezi, nayo inalinganishwa na orodha, ama anagundua mwenyewe kwamba hakuhesabu.

Sauti na lugha vina kazi yake. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki msimamizi ni mtu wa umri au cheo kinachodai heshima, na kumpinga hadharani huchukuliwa kuwa utovu wa adabu hata pale anapokosea. Njia inayofanya kazi ni kumpa takwimu ambayo huenda hakuwa nayo, ili abadili uamuzi kwa sababu ya taarifa mpya bila kuonekana ameshindwa. "Huenda ripoti hii haikufika mezani kwako, Mama" humwachia mlango wa kurudi nyuma. "Umekosea hesabu" humfungia. Adabu hiyo hailazimishi kukubali alama. Mtu anaweza kushusha sauti na bado akasema waziwazi, bila kuzunguka, kwamba haafikiani na daraja la 2 na anaomba liwe 3 kwa sababu hizi mbili.

Kulinganisha na wenzake ni mtego. Hoja ya kwamba fulani amefanya kidogo na kupewa 4 humfanya msimamizi amtetee asiyekuwepo, na mara nyingi mlalamikaji hajui malengo ya huyo mwenzake yalikuwa yapi. Ulinganisho unafaa tu pale watu wawili wana lengo na kipimo kilekile, na takwimu zao ziko wazi kwa idara nzima. Hata hapo ni bora kuuliza jinsi kipimo kilivyotumika kwa timu kuliko kumtaja mtu.

Hutokea msimamizi akakataa kabisa, au akapandisha hasira, au akasema jambo jipya lisilowahi kutajwa mwaka mzima, kama vile kwamba kuna malalamiko ya mteja. Jambo jipya halijibiwi papo hapo. Mfanyakazi aombe kuliona kwa maandishi na apewe siku mbili au tatu za kulijibu: "Naomba kikao hiki kiendelee Alhamisi, nipitie lalamiko hilo nilijibu vizuri." Aliyejibu kwa kubahatisha huweza kukiri jambo ambalo hakulifanya. Kurekodi kwa siri kwa simu nako kuepukwe. Kunaweza kuvunja kanuni za ofisi, na kukigundulika huhamisha mjadala kutoka kwenye alama kwenda kwenye uaminifu wa mfanyakazi.

Saini na maandishi ya baadaye

Kusaini fomu huwatia watu hofu kwamba wamekubali. Suluhisho ni kusaini na kuandika maana ya saini hiyo pembeni yake: "Nimepokea. Sikubaliani na alama ya lengo la 1 na la 3. Maelezo yangu yameambatishwa," pamoja na tarehe. Kugoma kusaini husaidia kidogo sana, kwa sababu fomu itapelekwa na maneno kwamba mfanyakazi amekataa, na hoja yake haitakuwemo. Mahali tathmini inapofanyika kwenye mfumo wa kompyuta, maoni yaandikwe kwenye nafasi yake kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha, maana baadhi ya mifumo haifunguki tena baada ya hapo.

Siku hiyohiyo au kesho yake, barua pepe fupi itumwe kwa msimamizi. Ianze kwa shukrani, itaje yaliyokubaliwa, itaje alama zinazopingwa na sababu ya kila moja kwa sentensi mbili, ieleze ushahidi uko wapi, kisha iombe jambo moja mahususi kwa tarehe mahususi. Afisa mikopo wa mfano ule angeandika kwamba anakubali alama ya wateja wapya na ya huduma, kwamba taarifa mbili za mwisho wa mwaka kweli zilichelewa, na kwamba anaomba daraja la taarifa na la marejesho yapitiwe upya kwa orodha na fomu ya makabidhiano aliyoambatisha. Barua isizidi ukurasa mmoja. Itasomwa na mtu wa tatu ambaye hakuwepo kikaoni, pengine mkuu wa rasilimali watu mwenye barua nyingine thelathini mezani, naye anahitaji kuielewa bila kupiga simu.

Rufaa na mipaka ya sheria

Msimamizi asipobadili msimamo, hatua inayofuata imo kwenye sera ya taasisi: kwa mkuu wa msimamizi, kwa rasilimali watu, au kwa kamati ya malalamiko. Sera nyingi huweka muda mfupi wa kukata rufaa, hivyo tarehe ya mwisho itafutwe siku alama inapotolewa. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kama TUGHE au TUICO, anaweza kumwomba kiongozi wa tawi aisome barua kabla haijatumwa. Viongozi hao huwa wameona rufaa nyingi na wanajua ni zipi hukubaliwa katika ofisi hiyo.

Alama peke yake mara chache hufika mbele ya vyombo vya sheria. Hali hubadilika pale alama inapozaa jambo lingine. Jambo la kwanza ni ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsi, ujauzito, ulemavu na hali ya VVU, na inataja mifumo ya kutathmini utendaji kuwa miongoni mwa taratibu zinazohusika. Mfanyakazi aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi ya siku 84 kisha akapimwa kwa lengo la mwaka mzima, kana kwamba alikuwepo miezi yote 12, ana hoja inayozidi hesabu. Kwanza aombe lengo lipunguzwe kulingana na miezi aliyofanya kazi, na aombe kwa maandishi.

Jambo la pili ni kuachishwa kazi kwa utendaji duni. Kanuni za utendaji bora za Tanzania, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, zinataka izingatiwe kama mfanyakazi alishindwa kweli kufikia kiwango, kama alikijua au alitarajiwa kukijua, kama kiwango chenyewe ni cha busara, sababu za kushindwa, na kama alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. Maswali hayo matano yanafanana sana na yale ambayo barua ya afisa mikopo imeshayajibu, na ndiyo maana barua ya siku ya kikao ina thamani hata pale alama isipobadilika. Aliyeachishwa ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ulinzi huu dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu mwenye ajira ya chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza njia za rufaa zilizomo kwenye sheria ya utumishi wa umma. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua, na asikilize utetezi wao kabla ya kuamua.

Mpango wa kuboresha utendaji, endapo rufaa itakataliwa, usomwe kama makubaliano mapya ya malengo, kwa ukali uleule uliotumika kwenye fomu ya zamani. Kila lengo lake liwe na namba, tarehe na mtu wa kulithibitisha. Afisa mikopo hana budi kuhakikisha mikopo ile 45 imetajwa ndani yake kwa hali yake ya siku ya kusaini, ikiwamo 14 iliyochelewa, na kipimo chake kimetengwa na cha mikopo 180 ya awali. Mpango ukianza bila mstari huo, hesabu iliyomshusha mwaka uliopita itamshusha tena.